Kadi ya swichi: namna ya kuitambua saketi ya kapasita moja na kuimaliza kwa mpangilio

Wengi wa wanafunzi wa diploma ya umeme ninaowasomesha jioni hapa Unguja wanazijua kanuni. Waulize ile ya kapasita, watakuandikia bila ya kusita. Kinachowakwamisha ni kwamba swali la mtihani haliji na jina lake. Linakuja na mchoro, namba nne na sentensi mbili, na mwanafunzi anaanza kuandika milinganyo kabla hajajua yuko kwenye aina gani ya swali. Kwa sababu hiyo nawatengenezesha kadi za karatasi ya manila, kila aina ya swali na kadi yake. Mbele zinakaa alama za kulitambua swali, nyuma zinakaa hatua kwa mpangilio wake.

Leo nitaieleza moja tu, kadi ya swichi, kwani ndiyo inayopoteza alama nyingi kuliko zote ninazosahihisha.

Mbele ya kadi usiandike jina la mada. Andika kile ambacho jicho litakiona kwenye karatasi ya mtihani: kuna swichi inayofungwa au kufunguliwa kwa t = 0, kuna maneno "kwa muda mrefu", betri ni ya volti isiyobadilika, na kapasita ni moja, au ni kadhaa zinazoweza kuunganishwa zikawa moja. Chini yake andika pia lini kadi hii haifai. Ukiona kapasita na koili pamoja, iweke chini, kwa sababu saketi ile inaweza hata kuyumba huku na huku, na hatua hizi hazina jibu la hilo. Na chanzo kikiwa cha sin au cos na swali halitaji swichi, hiyo ni kazi ya kadi nyingine kabisa.

Nyuma ya kadi yangu pameandikwa hivi:

1. Chora saketi kabla ya swichi. Kapasita ni waya uliokatika. Tafuta V0, yaani volti ya kapasita mwanzoni.
2. Chora saketi baada ya swichi, muda mrefu umepita. Kapasita tena ni waya uliokatika. Tafuta V∞, yaani volti ya kapasita mwishoni.
3. Kwenye mchoro huo wa pili, ng'oa kapasita, zima betri, tafuta R inayoonekana kutoka kwenye ncha zake mbili. τ, muda unaoonyesha kapasita inajaa au kumwaga kwa haraka gani, ni R × C.
4. v(t) = V∞ + (V0 − V∞) e^(−t/τ)
5. Hakiki mwendo wa mwanzo.

Kanuni iko ya nne, na nimeiweka huko kwa makusudi. Mwanafunzi anayeanza na kanuni hulazimika kuijaza na R yoyote aliyoiona karibu.

Tuchukue saketi moja. Betri ya volti 12, kisha swichi, kisha rezista ya 6 kΩ, halafu unafika kwenye kiungo ambapo rezista ya 3 kΩ na kapasita ya 100 µF zinashuka sambamba mpaka kwenye waya wa chini. Swichi imekuwa wazi kwa muda mrefu, na kwa t = 0 inafungwa.

Mchoro wa kwanza: betri imetengwa, na chaji yoyote iliyokuwepo kwenye kapasita imeshamalizikia kwenye 3 kΩ. V0 ni sifuri. Mchoro wa pili: swichi imefungwa, kapasita imejaa na haipitishi karenti tena, kwa hiyo rezista mbili zinagawana volti 12. Fungu la 3 kΩ ni 12 × 3/9, yaani volti 4. Hiyo ndiyo V∞.

Sasa hatua ya tatu, ambapo kalamu nyingi huteleza. Mwanafunzi mmoja wa kutoka Wete aliniuliza vizuri sana: "Mwalimu, karenti inayoijaza kapasita si inapita kwenye ile ya 6? Mbona τ isiwe 6 kΩ mara 100 µF?" Nikamwambia simama kwenye ncha za kapasita uangalie saketi kutokea hapo. Betri ukiizima inakuwa waya mtupu, na kutoka hapo ulipo unaziona njia mbili za kwenda chini, moja kupitia 6 kΩ, nyingine kupitia 3 kΩ. Ziko sambamba: 6 × 3 / 9 = 2 kΩ. Basi τ ni 2 kΩ × 100 µF, sekunde 0.2, na jibu ni

v(t) = 4 − 4e^(−5t) volti.

Hakukubali mpaka tulipofika hatua ya tano, na nilifurahi hakukubali. Mara tu swichi inapofungwa kapasita ina volti sifuri, kwa hiyo 3 kΩ nayo ina sifuri na haipitishi kitu. Volti 12 zote ziko kwenye 6 kΩ, karenti ni 2 mA, na yote inaingia kwenye kapasita. Kasi ya kupanda ni karenti gawanya kwa C, nayo ni volti 20 kwa sekunde. Kwenye jibu letu kasi ya mwanzo ni 4/0.2, ni 20 vilevile. Kwa τ yake ya sekunde 0.6 ingetoka 4/0.6, kama 6.7 tu, na hapo kosa limejionyesha lenyewe.

Sasa iache saketi itulie, kisha ifungue swichi na uanze kadi upya. V0 sasa ni volti 4 na V∞ ni sifuri. Lakini njia ya 6 kΩ imekatika, R inayoonekana ni 3 kΩ peke yake, na τ imekuwa sekunde 0.3. Kapasita ileile, rezista zilezile, inajaa kwa τ moja na kumwaga kwa nyingine. Ndiyo maana hatua ya tatu inasema "kwenye mchoro huo wa pili". Maneno hayo yapigieni mstari.

Pembeni mwa kadi naongeza mambo mawili. La kwanza, kisichoruka ni volti ya kapasita peke yake. Karenti ya 6 kΩ hapa ilikuwa sifuri, ikaruka mpaka 2 mA papo hapo, kisha ikashuka taratibu mpaka 1.33 mA. Ukiulizwa karenti hiyo, tafuta kwanza v(t), kisha i = (12 − v)/6 kΩ. La pili, "muda mrefu" maana yake ni angalau 5τ. Swali likisema swichi ilifungwa kwa sekunde 0.2 tu kabla ya kufunguliwa, V0 ya hatua inayofuata si 4 bali ni 4 − 4e^(−1), kama volti 2.53.

Kuzitumia kadi, msianze kwa kukokotoa. Kusanyeni mitihani ya nyuma, kateni maswali vipandevipande, myachanganye, na kila swali mliweke juu ya kadi yake bila ya kulifanya. Mkibishana wawili kuhusu swali moja, someni mbele ya kadi zote mbili kwa sauti. Kama bado haliamuliki, ipo alama mliyosahau kuiandika, na muiandike hapohapo.