Maswali na Majibu: Kugeuza Latitudo na Longitudo Kuwa UTM

Nimegeuza orodha ya vituo vyangu kwa fomula za lahajedwali. Hadi katikati ya orodha namba za mashariki zinakwenda vizuri, kisha zinaruka ghafla kutoka 831,200 hadi 168,800. Vituo vyenyewe vimefuatana kwenye mstari mmoja. Data imeharibika?

Data ni nzima. Mstari wako umevuka mpaka wa kanda. UTM inaigawa dunia katika kanda 60, kila moja ikiwa na upana wa digrii 6 za longitudo, na kila kanda ina hesabu yake: meridiani yake ya kati hupewa mashariki ya 500,000, na namba hukua au kupungua kutoka hapo. Kanda ya 36 huanzia longitudo 30 hadi 36, na ya 37 huanzia 36 hadi 42.

Chukua vituo viwili vilivyo kwenye latitudo -3.2, kimoja longitudo 35.98 na kingine 36.02. Cha kwanza kiko kanda ya 36, mashariki karibu 831,200. Cha pili kiko kanda ya 37, mashariki karibu 168,800. Ukitoa moja kwa nyingine unapata zaidi ya kilomita 660, ilhali ardhini vimeachana kilomita 4.45 tu. Fomula yako inatafuta kanda upya kwa kila mstari wa jedwali, na hapo ndipo palipo tatizo.

Chagua kanda moja kwa kazi nzima, ile yenye vituo vingi zaidi, na uilazimishe kwa orodha yote. Katika kanda ya 36 kituo cha pili kitapata mashariki ya karibu 835,700, na umbali utarudi kuwa wa kweli. Kutoka nje ya kanda kwa kilomita chache hakuharibu hesabu, mradi ripoti iseme wazi: WGS 84, UTM kanda ya 36 Kusini.

Naweza kulazimisha kanda kwa programu gani, na niandike nini?

Kwa Python, maktaba ya pyproj inatosha. Namba ya EPSG, ile inayotambulisha mfumo wa ramani, ndiyo inayobeba kanda: 326 ikifuatwa na namba ya kanda kwa kaskazini ya ikweta, 327 kwa kusini.

```python
import pandas as pd
from pyproj import Transformer

d = pd.read_csv("vituo.csv")
t = Transformer.from_crs("EPSG:4326", "EPSG:32736",
                         always_xy=True)
d["E"], d["N"] = t.transform(d["lon"].values,
                             d["lat"].values)
d.to_csv("vituo_utm.csv", index=False)
```

Usiiache `always_xy=True`. Bila hiyo, EPSG:4326 husubiri latitudo kwanza, nawe umetanguliza longitudo.

Nitajuaje kama nimebadilisha nafasi za safu hizo mbili bila kukusudia?

Namba zitakuambia zenyewe. Kile kituo cha 35.98 kikisomwa kinyume hutoa mashariki ya karibu hasi milioni 2.8 na kaskazini ya zaidi ya milioni 14. Ndani ya kanda, mashariki haitoki nje ya 166,000 na 834,000, isipokuwa kwa vile vituo ulivyovilazimisha kidogo kuvuka mpaka. Namba ya kaskazini kwa upande wa kusini wa ikweta huanza 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua ukielekea kusini. Kituo chetu kinapata karibu 9,645,800. Ukiona hasi 354,200 badala yake, umetumia EPSG ya kaskazini ya ikweta (326) mahali pa 327.

Umbali niliopima kwa utepe haulingani na ule wa UTM. Kwa kila kilomita, ule wa UTM unazidi karibu mita moja. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea, na ninaomba usiurekebishe umbali wako wa utepe kwa siri ili ulingane. UTM hupunguza vipimo kwa 0.9996 kwenye meridiani ya kati, hivyo kilomita moja hapo husomeka mita 999.6. Ukienda pembeni kipimo hukua, na kwenye mpaka wa kanda karibu na ikweta hufikia takriban 1.00097, yaani ziada ya sentimita 97 kwa kila kilomita. Kazi yako iko mpakani, ndiyo maana. Mwinuko juu ya usawa wa bahari nao huleta tofauti yake. Andika kwenye ripoti umbali wa gridi na umbali wa ardhini katika safu mbili, pamoja na kizidishi ulichotumia.

Niandike desimali ngapi?

Angalia chanzo. Digrii 0.00001 ni karibu mita 1.1, kwa hiyo latitudo yenye desimali tano haiwezi kuzaa milimita, hata programu ikikupa desimali sita za mita. Data ya namna hiyo iandike kwa mita nzima.