Shahada ya uinjinia unayo, ila Bodi bado haikujui

Wadogo zangu wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na kote huko, hasa mnaosoma uinjinia na kwenu hakuna aliyewahi kufika chuo, hili naliandika kwa ajili yenu. Mwenzako ambaye shangazi yake ni mhandisi anaambiwa mapema, tena nyumbani tu wakati wa kula, kwamba miaka minne ya chuo haikufanyi mhandisi kisheria. Sisi hatuna wa kutuambia, mjomba anajua umemaliza basi umeshakuwa injinia.

Iko hivi. Ukimaliza unaomba usajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yaani ERB, unakuwa mhandisi mhitimu. Afu unafanya kazi kama miaka mitatu chini ya mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa, wengi wanapitia mpango unaoitwa SEAP, unaandika ripoti za kazi ulizofanya na yeye anazisaini, ndo baadae unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Bila usajili kufanya kazi kwa jina la mhandisi ni kosa kisheria, na matangazo mengi ya ajira yanautaka huo usajili.

Kuna binamu yangu, sivil, alimaliza akapata kibarua kwa mkandarasi mmoja wa barabara akakaa miaka miwili. Kazi alifanya kweli, kupima levo, kusimamia kalvati, kuandika vipimo vya kifusi, ila msimamizi wake alikuwa fundi mzoefu ambaye hajasajiliwa kama mhandisi na yeye mwenyewe hakuwa amejisajili. Alipotaka kupanda ikakosekana saini ya mtu anayetambulika, ikabidi aanze kuhesabu upya kwa mwajiri mwingine. Iliniuma sana maana hakuna mtu nyumbani angeweza kumshtua.

Kwahiyo ukipewa kazi, kabla hujauliza mshahara uliza nani atasaini ripoti zangu na namba yake ya usajili ni ipi. Akikujibu we fanya kazi tu hayo yatakuja, jua hapo hakuna msimamizi, ukiwa na shida ya hela ingia ila endelea kutafuta pengine. Na usisubiri umalize, ukiwa PT halmashauri au TANROADS mfate mhandisi mmoja muulize yeye alipita wapi, chukua namba yake, ukirudi chuo msalimie hata kama huna shida.

Nyumbani sasa. Wazee wameuza korosho mnadani kukusomesha, wakiona umemaliza na hela haionekani watajua unawaficha kitu. Mi nilimwambia mjomba mkorosho ukiota leo hauvuni mwakani, unapalilia kama miaka mitatu ndo uanze kuona korosho, na hii miaka ya kusainiwa ndo hiyo palizi. Alielewa palepale. Siku hizi akinipigia anauliza ripoti ya mwezi huu bosi ameshasaini?