Swali la 86 lisikutoe jasho

Wadogo zangu mnaojiandaa na NCLEX-RN, ule mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, nawajua. Wengi mmetoka wodini, Kitete hapa Tabora au Maweni kule Kigoma, na mmeshawahi kubaki wawili usiku kucha na wodi imejaa. Mtu wa namna hiyo akinipigia simu kwamba mtihani wa kompyuta unamnyima usingizi, sianzi kumuuliza anajua dawa gani. Namuuliza anadhani kompyuta inafanya nini anapojibu. Mara nyingi jibu lake ndilo lenye tatizo.

Sisi tumekulia kwenye karatasi. Unafunua, unapitia maswali yote, unaanza na mepesi, magumu unayawekea alama ili uyarudie mwishoni. Huku hayo hayapo. Swali linakuja moja, huwezi kuliruka, na ukishalithibitisha na kwenda mbele hulioni tena. Baada ya kila jibu kompyuta inakadiria upya uwezo wako, kisha inatafuta swali ambalo mtu wa uwezo huo ana nafasi kama nusu kwa nusu ya kulipata. Ukipata, linalofuata linapanda kidogo. Ukikosa, linashuka kidogo.

Hapo ndipo penye siri ya hofu. Mtihani huu umepangwa ili usijisikie vizuri. Mwenye uwezo mkubwa atapewa magumu akose karibu nusu, na mwenye uwezo mdogo naye atapewa ya saizi yake akose karibu nusu. Wote wawili watatoka wakisema, "Nilikuwa nabahatisha tu." Anayeumia zaidi ni yule aliyezoea kuongoza darasa chuoni, maana hajawahi kukaa saa nzima bila uhakika. Kwa hiyo ile hisia ya kutokuwa na uhakika haikuambii kitu chochote kuhusu matokeo. Na usijaribu kupima ugumu: "hili limekuja jepesi, nimeshuka." Swali unaliona jepesi kwa sababu jana tu ulimhudumia mgonjwa wa aina hiyo. Isitoshe, 15 kati ya maswali yako ni ya majaribio, hayahesabiwi, na yamechanganywa humo humo bila alama yoyote.

Sasa tuje kwenye namba. Tangu Aprili 2023, maswali ni 85 kwa uchache na 150 kwa wingi, na muda wote ni saa 5, mapumziko yakiwa ndani yake. Kompyuta inasimama ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu, au chini yake. Ukizunguka karibu na mstari, inaendelea kuuliza. Wauza asali wa hapa kwetu wanajua jambo hili: ndoo iliyojaa au iliyopungua sana mizani inasema mara moja, ila ile iliyo karibu kabisa na kipimo ndiyo sindano inachezacheza. Kufika swali la 86 maana yake ni hiyo tu, sindano bado inacheza. Wapo wanaozimwa kwenye 85 wakiwa wamefeli, na wapo wanaofika 150 wakafaulu, kwa sababu kwenye 150 kinachoangaliwa ni kama kadirio la mwisho liko juu ya mstari.

Kanuni ambayo wengi hawaijui ni ya muda kuisha. Saa 5 zikiisha hujafikisha 85, umefeli. Lakini zikiisha ukiwa umevuka 85 na kompyuta bado haijaamua, inachukua kadirio linalotokana na maswali uliyojibu. Likiwa juu ya mstari, umefaulu. Hakuna anayekudai ufike 150.

Nieleze kisa cha dada mmoja wa wodi ya upasuaji, kwa sababu kinaonyesha kanuni hii inavyobadilisha uamuzi. Tulikuwa tukifanya naye mazoezi ya muda kamili. Alipofika swali la 60 alikuwa ametumia saa 2 na dakika 40. Zilibaki dakika 140. Akagawa kwa maswali 90, akapata dakika moja na nusu kwa swali, akaanza kukimbia. Kuanzia hapo alikuwa anabofya jibu la kwanza linalofanana na ukweli, na akakosa hata mambo anayoyafanya kila siku mikono ikiwa na glavu. Kwenye mtihani halisi kukimbia huko ni hatari kuliko kuishiwa muda, kwa sababu ukikosa maswali mfululizo kadirio linashuka, na kompyuta inaweza kupata uhakika wake wa asilimia 95 upande usioutaka.

Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila lengo lilikuwa lingine. Alichotakiwa kukihesabu kwanza ni maswali 25 ya kufika 85, na dakika 140 kwa maswali 25 ni nyingi mno. Angejibu kwa dakika mbili mbili, angefika 85 akiwa na dakika 90 mkononi, na zikiendelea hivyo zingemfikisha swali la 130. Pale muda ungekatika akiwa na kadirio la kweli. Tulipolirudia zoezi kwa lengo hilo, mwendo wake wa mikono tu ulikuwa tofauti.

Kwa mwendo wa kawaida kuna kipimo chepesi: maswali 30 kwa saa moja. Kwenye swali la 30 muda uliobaki uwe saa 4, la 60 uwe saa 3, la 90 uwe saa 2. Tazama saa ya skrini hapo tu. Anayeitazama kila swali anapoteza muda na utulivu kwa pamoja. Na usilipime swali moja moja, kwa sababu kuna kesi za mgonjwa mmoja zenye maswali sita. Lile la kwanza linaweza kukula dakika nne ukisoma faili, maelezo ya muuguzi na vipimo, halafu yanayofuata yanakwenda haraka kwa kuwa mgonjwa umeshamjua. Kwenye yale ya kuchagua majibu mengi unapata alama kwa kila sahihi na kukatwa kwa kila kosa, kwa hiyo kutia tiki kila kisanduku hakusaidii.

Muda hasa unapotelea wapi? Nimekaa na watu wengi nikiwatazama, na jibu ni kurudia kusoma. Chukua swali la namna hii. Umepokea ripoti ya zamu, umwone nani kwanza: mgonjwa wa siku ya pili baada ya upasuaji mwenye maumivu 6 kwa 10, mgonjwa wa COPD mwenye oksijeni asilimia 90, aliyetolewa tezi ya shingo jana, sasa anasema midomo inakufa ganzi, na mwenye kisukari ambaye sukari yake ni 180 mg/dL. Mwenye wasiwasi anakwama kwenye asilimia 90, anarudi kwenye maumivu, anaanza kugawa 180 kwa 18 apate 10 za vipimo vyetu, anarudi tena juu. Dakika nne zimekwenda.

Anza na sentensi ya mwisho: nani kwanza. Kisha kila mgonjwa muulize jambo moja, je, hili linategemewa kwake? Maumivu siku ya pili yanategemewa. Asilimia 90 kwa COPD iko ndani ya lengo la 88 hadi 92. Sukari 180 haiui leo. Ganzi ya midomo baada ya kutolewa tezi ni dalili ya kalsiamu kushuka, na koo linaweza kubana akakosa hewa. Huyo ndiye. Ukishaona unasoma swali mara ya tatu na hukuti taarifa mpya, uamuzi umeshafanyika kichwani, kinachokushika ni woga. Bofya uende.

Yale ya kugawa kwa 18 yamalizeni nyumbani. Vivyo hivyo majina ya dawa. Sisi tunasema paracetamol, salbutamol na adrenaline, ila kwenye skrini mtakuta acetaminophen, albuterol na epinephrine. Nimeona muuguzi anayetoa salbutamol kila zamu akiganda mbele ya albuterol. Hiyo ni orodha ya jioni moja.

Hofu ikipanda pale pale kitini, moyo ukaenda mbio na maneno yakaanza kucheza, toa mkono kwenye mausi. Shusha mabega, vuta pumzi kawaida halafu itoe taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta, mara nne au tano. Haifiki dakika moja, na dakika moja unayo. Baada ya saa 2 kompyuta yenyewe inakuuliza kama utapumzika, na tena baada ya saa 3 na nusu. Muda unaendelea kuhesabiwa, na kurudi ndani kuna ukaguzi, lakini kama umeshasoma aya moja bila kuelewa, dakika tano za kunywa maji zinakugharimu maswali mawili au matatu tu. Mimi ningezichukua.

Mazoezi ya kwenye simu, maswali kumi kumi ukingojea chai, yanafundisha uuguzi ila hayafundishi kukaa. Angalau mara chache kabla ya siku yenyewe tafuta laptopu yenye betri nzuri, maana umeme wetu mnaujua, ukae maswali 85 kwa dakika 170, kwa mausi, simu ikiwa chumba kingine, bila kurudi nyuma. Aliyezoea kugusa kioo hupata shida na kuburuta majibu kwa mausi, na shida ndogo kama hiyo siku ya mtihani huonekana kubwa.

Na safari. Kutoka huku kwetu ni mwendo mrefu kwa basi au treni, achilia mbali ndege za mbele. Usishuke asubuhi ukaingia mtihani saa chache baadaye kwa ajili ya kuokoa hela ya gesti. Lala usiku mmoja mzima, mbili ikiwezekana.

Ikitokea hukufaulu, utapewa ripoti inayoonyesha kila eneo la mtihani, kama ulikuwa juu ya kiwango, karibu nacho au chini yake. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 45. Anza na yale ya "karibu", kwa sababu huko ndiko maswali machache yalikukosesha, kisha ndiyo uende kwenye yale ya "chini".