Kuuza noti za Kemia kwa PDF

"Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, nikiuza noti zangu za Kemia PDF naeza pata 20k kwa mwezi juu ya mshahara?"

Mwalimu, mwaka wa kwanza usiitegemee hiyo 20k. Mimi niko Nakuru, noti za fomu tri zilinichukua kama masaa 120, jioni na wikendi, na kuchora michoro ndio ilikula muda kuliko kuandika. Niliuza 150 bob. Mwezi wa kwanza watu 11, karibu wote tunajuana. Mwaka mzima kopi 94, hiyo ni 14,100, na kubwa yake iliingia Septemba na Oktoba KCSE ikikaribia, Disemba sikuuza hata moja.

Kuna wenye watakuambia ushushe bei hadi 50 bob, na wako na pointi kidogo, wanafunzi hawana pesa, lakini mimi bei haikuniumiza vile kuforwadiwa kuliniumiza. Mzazi mmoja alilipa M-Pesa, jioni PDF iko kwa grupu ya WhatsApp ya darasa zima, wiki hiyo simu ikanyamaza kabisa. Siku hizi naandika jina na namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla nitume, inanipotezea dakika tatu hivi kwa kila mtu na haizuii wote, ila wengi wanaona haya kusambaza kitu kiko na jina lao.

Anza na topiki moja tu, moles, wanafunzi wanaililia sana hiyo, uone kama mtu usiyemjua atalipa kabla hujamaliza silabasi yote.