"Imefika": Ni Nini, na Ni Vingapi?

"Habari. 'Imefika' kwa Kifaransa ni nini? Naomba jibu haraka."

Haijibiki, na swali la namna hii naletewa kila mara. Barua imefika ni "elle est arrivée", treni imefika ni "il est arrivé", mizigo imefika ni "ils sont arrivés". Nitumie aya nzima, si neno moja.

"Natafsiri barua ya mteja: 'Ilifika jana, lakini miwili imelowana.' Nimeandika 'Elle est arrivée hier', mwenzangu anakataa. Nani yuko sawa?"

Mwenzako. Kiambishi i- kina makao mawili: wingi wa ngeli ya U-I (mizigo ilifika) na umoja wa I-ZI (barua ilifika). Kwa hiyo kitenzi peke yake hakikuambii kitu. Wala usikimbilie "hii", "yangu" au "iliyofika", maana hayo nayo yanafanana katika ngeli zote mbili. Zinapoachana ni kwenye sifa na idadi: mizigo ni mikubwa, barua ni kubwa, mikeka ni mirefu, barua ni ndefu. Hapa mwandishi amekuachia "miwili", na mi- hiyo ni ya U-I tu. Basi ni wingi, hakuna ubishi.

Idadi umeipata, jinsia bado. Jinsia haitoki kwenye ngeli, inatoka kwenye nomino ya Kifaransa utakayoichagua, kwa hiyo panda juu kwenye barua ukatafute kilichofika. Kama ni mizigo na umechagua "colis", andika "Ils sont arrivés hier, mais deux sont mouillés." Kama ni mikeka, "nattes", inakuwa "Elles sont arrivées hier, mais deux sont mouillées." Ukishachagua "colis" usije ukahamia "caisses" katikati ya ukurasa, kwa sababu kila upatanisho uliokwisha kuandika utakuwa na kosa.

Na kama barua haisemi kabisa? Nusu ya pili inaponyoka: "il y en a deux qui ont pris l'eau" haina jinsia. Nusu ya kwanza haiponyoki vizuri. Mpigie mteja simu.

"KI-VI ni ngeli ya kiume au ya kike?"

Si ya kiume wala ya kike. Kisu ni "le couteau", kikombe ni "la tasse".

"'Alifika akamwambia apumzike.' Nimeweka 'il' kwa sababu ndiyo kawaida. Nimekosea?"

Umekisia, na kwenye maelezo ya polisi au cheti cha hospitali kisio lako litasomwa kama ukweli. Niliwahi kutafsiri maelezo ambamo jirani alikuwa "le voisin" kwa kurasa tatu; ukurasa wa nne jirani akamwita mumewe. Nilirudi kusahihisha, na bado "arrivé" moja ilibaki bila e yake. Tangu siku hiyo nasoma hadi mwisho kabla ya kuandika kiwakilishi cha kwanza. Kiswahili huficha jinsia kwenye a-, yeye na -ake, lakini huitoa kwenye mume, mke, dada, mama.

Usipopata dalili, angalia Kifaransa kinakulazimisha wapi. Yule aliyeambiwa hana shida: "lui a dit de se reposer" inamfaa yeyote. "Son" na "sa" hufuata kitu kinachomilikiwa, si mwenyewe, kwa hiyo nazo ni salama. Kitenzi kinachotumia "avoir" hakipatani na kiima. Kinachokubana ni "il" au "elle", pamoja na "arrivé" inayokuja na "être". Kwenye hati rasmi unaweza kuandika "La personne, à son arrivée, lui a dit de se reposer." Ni nzito, lakini haisemi uongo. Kwenye hadithi itachosha. Huko muulize mwandishi. Mabano ya "arrivé(e)" yaachie fomu za kujaza.

"'Maji yamemwagika': 'Les eaux' ni sawa?"

Hapana. "L'eau s'est renversée", umoja. Upatanisho wa ya- hapo si wingi wa kuhesabika, na ndivyo ilivyo kwa maziwa na mafuta. Tena jihadhari: Mfaransa akisikia mwanamke "a perdu les eaux", anaelewa chupa ya uzazi imepasuka.

"'Umefika, mzee?' Nimeandika 'Vous êtes arrivés'. Mhariri amefuta s."

Amefanya vyema. Heshima inabadilisha "tu" kuwa "vous", lakini mzee ni mmoja: "Vous êtes arrivé." Wangekuwa wawili, Kiswahili kingesema "mmefika".