Pangaboi linazunguka kivivu na kuunguruma? Usikimbilie kununua jipya

Moshi mwezi wa pili, bila pangaboi sebuleni hakukaliki. La kwangu hapa Pasua likaanza uvivu: namba 5 unaweza kuyahesabu mapanga yakipita, na juu kuna muungurumo mfululizo. Fundi wa kwanza alilitazama akiwa mlangoni, akasema mota imeungua. Nikamshukuru, nikatafuta ngazi.

Nilizima meini swichi kwanza, nikasukuma panga moja kwa kidole. Beringi zikiwa nzima, pangaboi huteleza kimya na kukawia kusimama. Zikiisha, utasikia mkwaruzo kama wa mchanga, litakwama mapema, na huenda mota ikacheza ukiitikisa. Langu liliteleza vizuri, kwa hiyo beringi nikaziacha.

Nikageukia regulata. Ikiwa ndiyo mbovu, mara nyingi pangaboi linasumbua kwenye namba za chini lakini namba ya mwisho linakwenda vizuri. Zile regulata za elektroniki hukatakata umeme, ndiyo maana muungurumo huzidi kwenye spidi za katikati. Kupata uhakika, meini ikiwa bado imezimwa, nilichomoa waya mbili za regulata, nikaziunga pamoja na kuzifunga tepu, kisha nikawasha. Uvivu uleule. (Kama waya hujazizoea, hapo mwite fundi.)

Ikabaki kapasita. Wengi hudhani kazi yake ni kuliwasha pangaboi tu, lakini hii haitoki kazini. Mota ina koili mbili, na kapasita ndiyo inayouwahisha mkondo wa koili moja upishane na wa nyingine, ili nguvu ya kuzungusha ipatikane muda wote. Ikichoka nusu, pangaboi halifi, linalegea. Ikifa kabisa, mota inaunguruma bila kuanza, na ukisukuma panga kwa mpini wa fagio linaweza kufuata upande wowote uliolisukumia.

Nilizima tena, nikashusha kikombe cha juu ya mota. Kabla ya kuigusa kapasita nilikutanisha waya zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, maana huweza kubaki na chaji. Ubavuni imeandikwa uwezo wake, 2.5 µF. Multimita ikasoma 1.3.

Dukani muuzaji akanishawishi nichukue ya 3.5 eti litakimbia zaidi. Nilikataa, ikizidi, koili ya pili inapitisha mkondo mwingi na kuchemka. Chukua µF ileile, na volti zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ya kwangu mpya ni ya volti 450, kwa elfu chache tu.

Kama baada ya kubadilisha bado ni zito, linachemka na kunuka varnishi, hapo sasa yule fundi wa mlangoni atakuwa na hoja. Na kama uvivu unakuja saa za jioni tu, muulize jirani kwanza kama umeme wake nao ni mdogo.

Langu niliwasha namba 5, pazia likapeperuka, na mama akapaza sauti tulipunguze hadi 3.