Uji wa mchele kwanza, maziwa baadaye

"Mume wangu alipata maambukizi ya tumbo. Kutapika kumekoma jana usiku, bado anaharisha kidogo. Nimpikie nini siku hizi za mwanzo?"

Pole kwa kuuguza, dada. Leo anza na uji wa mchele. Chukua kikombe kimoja cha mchele na vikombe vinane vya maji, tia chumvi kidogo, uache uchemke polepole hadi punje zipasuke na uji uwe mzito wa kuteleza. Mpe vijiko vitano au sita, subiri nusu saa. Ukitulia tumboni, ongeza. Bakuli zima kwa mkupuo ndilo humrudisha mtu chooni, hata kama anadai ana njaa.

Katikati ya milo anywe maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya duka la dawa, funda kwa funda. Soda na juisi tamu hapana: sukari nyingi huvuta maji utumboni na kuharisha kunazidi.

Kesho ongeza ndizi mbivu na viazi vilivyopondwa bila siagi. Siku ya tatu, kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, au yai la kuchemsha. Maziwa yangoje; utumbo uliochubuka hushindwa kwa muda kumeng'enya sukari yake, ndipo gesi na msokoto hurudi.

Akiona damu, homa ikipanda, au asipokojoa kwa saa nane, acha jiko umpeleke hospitali.